Wakulima wa alizeti na mwenye mashine: Ushirikiano uanze na nusu gunia

UKIFIKA mjini Singida mwezi Juni au Julai, mashine za kukamua alizeti zinanguruma tangu asubuhi. Magunia yamepangwa hadi barazani, wanunuzi wa mashudu wako foleni na mafundi hawana muda wa kupumzika. Rudi katika mitaa hiyo hiyo mwezi Desemba au Januari, utakuta nyingi zimefungwa. Mashine ni nzima, umeme upo na mafuta ya kula yananunuliwa kila siku dukani. Kinachokosekana ni mbegu ya kukamua.

Wakati huo huo, vijijini, mkulima aliyeuza alizeti yake yote mwezi Juni kwa dalali aliyefika na mizani yake anakwenda dukani kununua mafuta ya kupimiwa. Mara nyingi mafuta hayo yanatokana na mawese yaliyotoka Malaysia au Indonesia. Mwenye mashine analalamika kwamba hana malighafi, naye mkulima analalamika kwamba hana soko. Wote wawili wanasema kweli, na mara nyingi hawatenganishwi na zaidi ya mwendo wa saa mbili kwa lori.

Mwaka 2021 Serikali iliichagua mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu kuwa mstari wa mbele katika kilimo cha alizeti, na mbegu zikasambazwa kwa bei ya ruzuku. Mwaka 2022 vita ya Urusi na Ukraine ilipandisha bei ya mafuta ya kula duniani na wakulima wengi wakaongeza mashamba. Mwaka 2023 bei ya alizeti ikaporomoka vibaya, na wakulima na wenye viwanda wakaelekeza lawama kwa mafuta ya nje na ushuru mdogo uliotozwa. Mjadala wa ushuru una umuhimu wake, lakini hauamuliwi kijijini. Makala hii inazungumzia jambo lililo mikononi mwa kikundi cha wakulima chenyewe, nalo ni namna ya kumwandikia mwenye mashine pendekezo la kushirikiano ambalo atalijibu.

Barua zinazoishia kwenye droo

Vikundi vingi vimewahi kuandika. Barua huanza kwa kichwa cha "YAH: Ombi la ushirikiano", ikafuatiwa na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha aya mbili za historia ya kikundi, tarehe ya usajili na idadi ya wanachama. Mwisho kinaombwa kiwanda "kiwawezeshe" wakulima kwa mbegu, madawa na mkopo, nao watakiuzia alizeti yote "kwa bei nzuri".

Tujiweke katika kiti cha mwenye mashine. Hajui bei nzuri ni shilingi ngapi. Ameombwa atoe fedha mwezi Novemba kwa watu asiowajua, ili apate mzigo mwezi Juni. Anajua kwamba bei ikipanda mwezi huo, dalali atafika kijijini kabla yake na mzigo utauzwa pembeni. Tena barua inamwahidi alizeti katika mwezi ambao yeye tayari ana alizeti mpaka barazani. Haikumweleza chochote kuhusu Desemba na Januari, miezi inayomtia hasara. Ataikunja na kuiweka kwenye droo, wala hatakuwa amekosea.

Pendekezo linalojibiwa huanza na tatizo la anayeandikiwa. Tatizo la mwenye mashine ni miezi mitupu. Tatizo la mkulima ni kuuza mali isiyojulikana thamani yake, kwa maana gunia la alizeti huuzwa kwa kilo wakati faida yake imo ndani, kwenye lita za mafuta na kilo za mashudu. Wengi wanaouza alizeti mwaka hadi mwaka hawajawahi kujua gunia lao wenyewe linatoa lita ngapi. Hapo ndipo pande mbili zinapoweza kukutana bila yeyote kumkopesha mwenzake.

Hatua ya kwanza: magunia 20

Tuchukue mfano wa kikundi cha kaya 40 katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Iramba. Badala ya kuahidi mavuno yote, kila kaya inatenga nusu gunia, yaani kilo 30, wakati wa mavuno na kuihifadhi hadi mwezi Desemba. Jumla inakuwa kilo 1,200, sawa na magunia 20 ya kilo 60. Mzigo huo ni kazi ya siku moja hivi kwa mashine ndogo. Kikundi kinaomba kukamuliwa tu. Mafuta yatarudi kijijini kwa matumizi ya nyumbani, na mashudu yote yatabaki kwa mwenye mashine kama malipo yake.

Tupige hesabu. Bei tunazotumia hapa ni za mfano, na kila kikundi kiweke bei za siku yake. Tuseme siku hiyo alizeti inauzwa shilingi 900 kwa kilo, mafuta ya kupimiwa dukani ni shilingi 4,500 kwa lita, na mashudu ni shilingi 400 kwa kilo. Usafiri wa mzigo kwenda na kurudi ni shilingi 60,000.

Nusu gunia la kaya moja lingeuzwa shilingi 27,000. Mchango wake wa usafiri ni shilingi 1,500, hivyo kaya imeweka shilingi 28,500. Mashine ikitoa lita 15 kwa gunia, jambo linalowezekana kwa mbegu ya kawaida kama Record iliyokauka na kupetwa vizuri, kaya itarudi na lita saba na nusu. Mafuta hayo yangenunuliwa dukani kwa shilingi 33,750. Faida ya kaya ni shilingi 5,250.

Si fedha nyingi, lakini kikundi kimepata namba ambayo hakikuwa nayo. Kwa bei hizi, gunia lisipofika lita 12 na nusu hivi, ni heri mkulima auze mbegu na kununua mafuta dukani. Likizidi hapo, kukamua kunalipa. Kikundi kinachojua namba hiyo hakidanganywi kirahisi na dalali wala na mwenye mashine.

Kwa upande wa pili, kilo 1,200 zikitoa lita 300, ambazo ni kama kilo 276, na tukiondoa uchafu, mashapo na unyevu, yanabaki mashudu kama kilo 840. Yakiuzwa, ni shilingi 336,000. Tukisema umeme, vibarua na uchakavu vinamgharimu mwenye mashine shilingi 150 kwa kila kilo ya alizeti, anatoa shilingi 180,000 na kubakiwa na shilingi 156,000, katika siku ambayo mashine ingekuwa imefungwa. Hakutoa mkopo wala mtaji wa kununua mzigo.

Msomaji makini ameshaona jambo. Mashudu ya kaya moja ni kilo 21, yenye thamani ya shilingi 8,400, ilhali faida ya kaya ni shilingi 5,250. Maana yake mashudu yana uzito mkubwa katika biashara hii kuliko wengi wanavyodhani, hasa kwa wanaofuga kuku na ng'ombe. Hata hivyo, kuyaacha katika hatua ya kwanza si ujinga. Ndiyo yanayompa mwenye mashine sababu ya kukubali. Hatua ya pili ndipo mtakapojadiliana kuyagawa au kulipa ada ya kukamua kwa fedha taslimu, na mtajadiliana mkiwa na vipimo mkononi.

Barua yenyewe

Barua ya namna hii haihitaji kuzidi ukurasa mmoja. Inaweza kuandikwa hivi:

"Kwa Mwenye Kiwanda,

YAH: Pendekezo la kukamua magunia 20 ya alizeti mwezi Desemba

Ndugu, sisi ni kikundi cha kaya 40 zinazolima alizeti, umbali wa saa mbili kutoka kiwandani kwako. Tumeona kwamba baada ya Oktoba mzigo huwa haba na mashine husimama. Sisi kwa upande wetu huuza alizeti yote wakati wa mavuno bila kujua inatoa mafuta kiasi gani. Tunapendekeza kusaidiana.

Tutahifadhi magunia 20 ya kilo 60, yaliyokaushwa na kupetwa, ya mbegu ya aina moja. Tutayaleta kwa gharama yetu siku utakayoichagua kati ya tarehe 5 na 15 Desemba. Tunaomba uyakamue peke yake, bila kuchanganya na mzigo mwingine. Mafuta tutayachukua kwa matumizi ya kaya zetu. Mashudu yote yatabaki kwako kama malipo kamili ya kazi.

Tunaomba alizeti, mafuta na mashudu vipimwe mbele ya watu wawili wa kila upande, na vipimo viandikwe kwenye karatasi moja itakayosainiwa na pande zote. Mzigo ukifika ukiwa na unyevu au uchafu, una haki ya kuukataa, na gharama ya kuurudisha ni yetu.

Hatuombi mkopo, wala hatufungi mkataba wa msimu. Vipimo vikituridhisha wote, tutakutana Januari kuzungumzia magunia 200 ya msimu ujao, yatakayoletwa kidogo kidogo kati ya Oktoba na Januari. Visiporidhisha, kila upande utakuwa huru.

Tunaomba jibu kabla ya tarehe 15 Novemba. Tuko tayari kuleta sampuli ya kilo tano uione.

Mwenyekiti na Katibu wa Kikundi."

Angalia mambo matatu katika barua hiyo. Kwanza, kila ahadi ina namba au tarehe. Pili, imeeleza mzigo ukiwa mbaya itakuwaje, na kikundi kimejibebesha hasara hiyo chenyewe. Anayeandikiwa haoni haja ya kutafuta mtego. Tatu, imeonyesha mlango wa kutokea. Mtu hukubali kwa urahisi jambo analojua linakoishia.

Jambo la nne ni neno lisilokuwemo. Barua haikutumia neno "ubia". Katika mazungumzo ya kawaida tunasema ubia tukimaanisha kusaidiana tu, lakini kisheria lina uzito wake. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, watu wanaoendesha biashara pamoja na kugawana faida wanaweza kuhesabiwa kuwa wabia, na mbia hubeba madeni ya biashara hiyo, hata aliyoyaingiza mwenzake. Kikundi kisichojua madeni ya kiwanda hakina sababu ya kujiingiza huko kwa neno la barua. Hapa watu wanalipana kwa kazi: wewe unakamua, mimi nakulipa kwa mashudu.

Yanayoharibu, na namna ya kuyatambua

Kosa la kwanza hutokea kijijini. Kaya 40 zikileta nusu gunia kila moja, wapo watakaoleta alizeti iliyovunwa mbichi, na wapo watakaoleta iliyoanikwa juu ya udongo ikabeba mchanga. Gunia moja bovu likichanganywa huharibu kipimo cha yote. Alizeti ya kuhifadhi inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 10. Asiye na kipimo achukue punje chache azivunje kwa meno au kwa kucha. Kavu hukatika kwa mlio, na mbichi hupinda. Mzigo uanikwe juu ya turubai, upetwe, kisha magunia yapangwe juu ya vichaga, mbali na ukuta. Yakigusa sakafu hupata unyevu, yakaota ukungu na mafuta yakawa machungu. Mpokeaji wa kikundi aandike jina juu ya kila mzigo na akatae ulio mbovu hapo hapo, hata kama ni wa mwenyekiti.

Suala la aina ya mbegu nalo lisipuuzwe. Mbegu chotara kama Hysun 33 kwa kawaida hutoa mafuta mengi kuliko Record. Wanaolima chotara wakichanganya mzigo na wanaolima Record, wa kwanza watarudi wakilalamika kwamba wamewagawia wenzao mafuta yao, na watakuwa na haki. Mwaka wa kwanza pelekeni aina moja.

Kosa la pili hutokea kiwandani, nalo ni gumu kidogo kuliona. Mashine inayoanza ikiwa ya baridi hutoa mafuta machache na mashudu yenye mafuta mpaka ipate moto. Muombeni fundi aipashe moto kwanza kwa mzigo wake mwenyewe. Kisha kumbukeni kwamba mnamlipa mwenye mashine kwa mashudu. Mafuta ni yenu, mashudu ni yake, na mafuta yanayobaki ndani ya mashudu ni yake pia. Sisemi kwamba atafanya hila. Nasema mpango wenyewe haumlazimishi kubana mashine hadi mwisho. Chukueni mashudu yanayotoka, yakipoa kidogo myakamate na kuyafinya kiganjani. Yakiacha mkono unang'aa kwa mafuta, mwambieni fundi abane. Ndiyo sababu barua imeomba mashudu yapimwe, ingawa si yenu. Mafuta yakiwa machache na mashudu yakiwa mazito kuliko kawaida, mtajua tofauti imekwenda wapi.

Mizani nayo iangaliwe kama ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo. Mafuta yapimwe baada ya kutuama na kuchujwa, kwa kuwa yanayotoka moja kwa moja kwenye mashine yana mashapo. Mkipima siku hiyo hiyo mtafurahi, na baada ya siku tatu kila dumu litakuwa na tope chini. Kama haiwezekani kusubiri, andikeni kwenye karatasi kwamba kipimo ni cha kabla ya kutuama.

Kosa la tatu hutokea njiani. Mzigo wa magunia 20 ukifika kwenye kizuizi cha mazao, mtaulizwa ushuru. Kabla ya safari, nendeni halmashauri mkaeleze kwamba ni mzigo wa kukamuliwa kwa matumizi ya kaya, mjue mnatakiwa kulipa nini na mbebe barua ya mtendaji wa kijiji. Tahadhari nyingine ni kwamba mafuta hayo yasigeuzwe biashara ya chupa zenye lebo barabarani. Kuuza mafuta yaliyofungashwa kuna masharti ya Shirika la Viwango, TBS, na ni hatua nyingine kabisa.

Baada ya vipimo

Jioni ya siku ya kukamua, kikundi kinarudi na karatasi moja yenye namba tatu: kilo za alizeti zilizoingia, lita za mafuta na kilo za mashudu. Namba hizo zina matokeo matatu yanayowezekana.

Gunia likitoa lita 15 au zaidi, mazungumzo ya magunia 200 yana msingi. Hapo kikundi kinaweza kuomba nusu ya mashudu, nacho kiwanda kinaweza kuomba ratiba ya kila wiki. Likitoa kati ya 12 na 13, msikimbilie mkataba wala ugomvi. Tafuteni kwanza kama tatizo ni mbegu, unyevu au mashine, na njia rahisi ni kupeleka magunia mawili ya mzigo huo huo kwa mashine nyingine. Likitoa chini ya hapo na mashudu yakawa na mafuta, ahsanteni na kwaherini. Kaya imepoteza shilingi elfu chache, si mavuno ya mwaka.

Ukomo wa mpango huu tuuseme pia. Magunia 200 ni magunia matano kwa kila kaya, na kuyaweka hadi Desemba ni kuzuia fedha ambazo mkulima anazihitaji mwezi Juni kwa ada na madeni. Mwaka ambao bei ya Juni ni nzuri, anayehifadhi anaweza kujuta. Na bei ikipanda ghafla mwezi Septemba, ndipo kikundi kitakapojulikana kama kina neno. Kwa hiyo kila kaya iahidi kile tu ambacho haitalazimika kukiuza kwa njaa, hata kama ni gunia moja. Mwenye mashine atapanga kazi yake vizuri zaidi kwa magunia 40 yanayofika kuliko kwa 200 yanayoahidiwa.

Mavuno yajayo yakianza kuanikwa, kikao cha kikundi kina swali moja la kujibu kabla dalali hajafika na mizani yake: nusu gunia la kila kaya litahifadhiwa kwenye chumba cha nani, na ufunguo utakaa kwa nani? Kikundi kikishakubaliana juu ya hilo, barua itaandikwa siku moja.